Mi Moja, Mahali Pane: Kwa Nini Sauti Nyingine Hupatana na Nyingine Hugombana

Jioni moja ya masika, katika chumba cha mazoezi cha kikundi cha taarab hapa Mji Mkongwe, tulikuwa tunapitia bashrafu, yaani kipande cha ala tupu bila kuimba, ya maqamu ya Rast, mojawapo ya mipangilio ya nota ya muziki wa Kiarabu, na kila tulipofika kwenye nota ya tatu ya skeli, yaani mi, chumba kizima kilikuwa kama kimeingia mchanga. Do ilikuwa safi, re ilikuwa safi, fa na sol hazikuwa na neno, lakini mi ilikwaruza. Mpiga kanuni alikagua nyuzi zake, akaona ziko sawa. Mpiga akodioni naye alibonyeza kitufe chake, na sauti iliyotoka haikuwa na kasoro yoyote. Maalim akasimamisha muziki, akamwambia kila mmoja apige mi yake peke yake, kisha wazipige pamoja. Kila moja ikiwa peke yake ilipendeza. Zilipokutana, zilitetema na kugombana.

"Hakuna aliyekosea," alisema Maalim. "Hizo ni mi mbili."

Kauli hiyo ndiyo ninayotaka kuifafanua, kwa sababu ndani yake mna jibu la suala zima la skeli za muziki: kwa nini nota hizi zilichaguliwa na nyingine zikaachwa, na kwa nini jozi fulani ya sauti hutulia sikioni huku nyingine ikichokoza. Na kwa hakika mi hazikuwa mbili tu. Ukihesabu vizuri utazikuta nne.

Tuanze na uzi mmoja. Sauti ni mtetemo wa hewa, na kadiri mtetemo unavyokwenda kasi ndivyo sauti inavyopanda. Kwa ajili ya wepesi wa hesabu, tuseme do yetu ni uzi unaotetema mara 200 kwa sekunde. Do halisi ya katikati ya piano hutetema karibu mara 262, lakini uwiano ni uleule popote utakapoanzia. Sasa, uzi ukichopolewa hautetemi kwa urefu wake wote tu. Wakati huohuo hutetema kwa nusu zake, kwa theluthi zake, kwa robo zake na kuendelea, na kila kipande hutoa sauti yake ndogo. Kwa hiyo uzi wa 200 unatoa pia 400, 600, 800, 1000 na 1200, kila moja ikiwa hafifu, zote zikiwa zimefichwa ndani ya kile ambacho sikio linakipokea kama sauti moja. Nitaziita sauti fuasi.

Mwenye udi au gitaa anaweza kuzisikia sasa hivi. Gusa uzi katikati ya urefu wake, kidogo tu, bila kuukandamiza, kisha uchopoe: utasikia sauti iliyo oktavu moja juu, yaani yenye mitetemo maradufu, kwa maana umeunyamazisha mtetemo mzima ukaziacha nusu. Ukigusa kwenye theluthi ya urefu utasikia sauti nyingine, ile ya 600, ambayo masikio ya mwanamuziki huitambua mara moja kuwa ni sol ya juu. Sol hiyo haikuletwa na mtu yeyote. Ilikuwa ndani ya do tangu mwanzo.

Jambo la pili la kulielewa ni mapigo, na hili mpiga kanuni hulijua kwa mkono kabla ya kulijua kwa akili. Kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini, nazo hupangwa tatu tatu, kila kundi la nyuzi tatu likiwa nota moja. Daraja lake hukalia vipande vya ngozi, aghalabu ya samaki, na ngozi hiyo hunywa unyevu wa hewa. Masika yakiingia, ngozi hulegea, daraja huzama kidogo, na ala nzima hushuka sauti, tena haishuki kwa kiasi kimoja kila mahali. Basi mpigaji huketi na ufunguo wake akazirudisha nyuzi moja baada ya nyingine. Akizipiga nyuzi mbili ambazo moja inatetema mara 200 na nyingine mara 202, hasikii sauti mbili. Anasikia sauti moja inayovimba na kufifia mara mbili kila sekunde: wau, wau. Hayo ndiyo mapigo, na idadi yake ni tofauti ya mitetemo ya nyuzi hizo, kwa sababu kuna wakati mitetemo inakwenda pamoja na kusaidiana, na kuna wakati mmoja unasukuma huku mwingine unavuta, ikafutana.

Mapigo humwambia mpigaji kwamba nyuzi zimetofautiana, ila hayamwambii ni upi ulio juu. Kwa hiyo anageuza ufunguo kidogo na kusikiliza. Mapigo yakienda polepole zaidi, yuko njia sahihi. Yakizidi kasi, amegeuza upande usio. Anaendelea hivyo mpaka uvimbe ule unachukua sekunde kadhaa, kisha unatoweka na sauti inasimama wima.

Mapigo mawili au matatu kwa sekunde hayaudhi, na baadhi ya watu huyatafuta kwa makusudi. Katika akodioni nyingi, kitufe kimoja hufungulia hewa ndimi mbili au tatu za chuma, na fundi huziacha zitofautiane kidogo ili sauti iwe na ule mtikisiko wa kupendeza. Lakini tofauti ikikua, mapigo huwa mengi kiasi kwamba sikio haliwezi tena kuyahesabu, na hapo uvimbe hugeuka kuwa ukwaruzo. Katika kimo cha sauti tunachokizungumzia, ukwaruzo huwa mkali pale mapigo yanapofika takriban kati ya 20 na 40 kwa sekunde. Tofauti ikizidi sana kuliko hapo, sikio huzitenganisha sauti mbili na ugomvi huisha. Sababu imo ndani ya sikio lenyewe: kuna utando ambao kila sehemu yake huitikia kimo fulani cha sauti, na sauti mbili zilizo jirani mno huangukia sehemu moja ya utando huo na kuivuruga, ilhali zilizo mbali hupata kila moja mahali pake. Mjerumani Hermann von Helmholtz aliyaeleza mapigo haya kuwa ndiyo chanzo cha sauti kugombana katika kitabu alichokitoa mwaka 1863, na mwaka 1965 Waholanzi wawili, Plomp na Levelt, wakaonyesha kwa majaribio uhusiano wa ukwaruzo na upana wa sehemu hizo za utando.

Tukiyaweka mambo haya mawili pamoja, sauti fuasi na mapigo, tunapata ufunguo. Nota mbili zikipigwa kwa pamoja, hazikutani nota mbili tu. Yanakutana makundi mawili ya sauti, na kila mwanachama wa kundi hili hupimana na wa kundi lile.

Chukua do ya 200 na sol ya 300. Do inakuja na 400, 600, 800, 1000, 1200. Sol inakuja na 600, 900, 1200. Sauti ya 600 imo kwa wote wawili, na ya 1200 pia, wakati ile 900 imekaa katikati ya 800 na 1000, mbali na zote mbili. Hakuna anayemkanyaga mwenzake. Sasa chukua do hiyohiyo na nota iliyo jirani yake kabisa kwenye kinanda, nusu toni juu, ambayo ni karibu 212. Sauti za chini zinatofautiana kwa 12. Fuasi zake za kwanza, 400 na 424, zinatofautiana kwa 24; zinazofuata, 600 na 636, kwa 36; kisha 800 na 848, kwa 48. Kila ngazi ina mapigo yake, na mengi yanaangukia palepale penye ukwaruzo mkali. Ndiyo maana mtoto akiweka kiganja chake juu ya vitufe vya kinanda vilivyoshikana, kila aliyemo nyumbani hukunja uso.

Kutokana na hayo unaona jinsi skeli inavyojijenga. Oktavu, 200 kwa 400, ndiyo mapatano makubwa kuliko yote, kwa kuwa fuasi zote za nota ya juu tayari zimo ndani ya ile ya chini; ndiyo sababu wanaume na wanawake wanaweza kuitikia kibwagizo kimoja kwa sauti zilizotofautiana oktavu nzima na wakajiona wanaimba kitu kilekile. Baada ya oktavu inakuja sol, kwa uwiano wa tatu kwa mbili. Kisha fa, kwa uwiano wa nne kwa tatu, ambayo kwenye do yetu ni karibu 267, nayo hukutana na do kwenye 800. Nota hizi tatu, do, fa na sol, ndizo nguzo. Ugomvi wa wanamuziki hauko hapo. Uko kwenye mi.

Kuipata mi kuna njia ya kwanza, ambayo ni kuendelea kuzifuata fuasi. Fuasi ya 1000 ya do inataka mwenza, na nota inayotetema mara 250 inampa, kwani mara nne 250 ni 1000. Hii ndiyo mi tulivu kuliko zote ikipigwa pamoja na do. Waimbaji wanaoimba kwa sauti kadhaa bila ala, wakishikilia nota kwa muda mrefu, huvutwa kuelekea hapo bila ya kuambiwa.

Njia ya pili ni ya mtu anayepanga sauti za ala yake kwa kuruka kutoka do hadi sol, na kutoka sol hadi nota iliyo mbele yake kwa uwiano uleule wa tatu kwa mbili, kisha kuirudisha chini oktavu inapozidi. Kutoka 200 anapata 300. Kutoka 300 anapata 450, akiishusha inakuwa 225, ambayo ni re. Kutoka re anapata 337.5, ambayo ni la. Na kutoka la anapata 506.25, akiishusha inakuwa karibu 253. Hiyo ni mi pia. Kila mruko ulikuwa safi, hakuna alipokosea, na bado amefika penye tofauti ya mitetemo mitatu na yule wa njia ya kwanza. Akiendelea kuruka hivyohivyo mara kumi na mbili, na kila mara akirudisha chini, angetarajia kurudi nyumbani kwenye do ya 200. Hafiki. Anaangukia karibu 202.7. Mizani ya namba ndiyo ilivyo: ukizidisha kwa tatu huwezi kamwe kuangukia mahali pa anayezidisha kwa mbili peke yake, na ukaribu wowote utakaoupata utaacha kipande kinachotokeza.

Mi ya tatu ni ile ya kinanda na akodioni. Waundaji wa ala zenye vitufe vilivyofungwa walilazimika kukificha kipande hicho kinachotokeza mahali fulani, na suluhisho lililoshika dunia ni kukigawa sawasawa: oktavu hukatwa vipande kumi na viwili vyenye uwiano ulio sawa, kila nota ikapunjwa kidogo ili kusiwe na moja iliyoharibika kabisa. Sol inakuwa 299.7 badala ya 300, na fuasi yake ya kwanza inapishana na 600 ya do kwa mapigo ambayo hayafiki hata moja kwa sekunde, jambo ambalo hakuna atakayelalamikia. Lakini mi inakuwa karibu 252. Mara nne 252 ni 1008, nayo inakutana na 1000 ya do, kwa hiyo kuna mapigo manane kila sekunde ndani ya kila do na mi zinazopigwa pamoja kwenye akodioni yoyote iliyokaa sawa. Tumeyazoea kiasi kwamba tunayaita uchangamfu wa ala.

Imebaki ya nne, na hii ndiyo yetu. Taarab ya Zanzibar ilipata sura yake katika zama za Sultan Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, ambaye anakumbukwa kwa kumpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kanuni. Pamoja na kanuni zilikuja maqamu, na katika maqamu ya Rast mi haikai kwenye 250 wala 252 wala 253. Hukaa chini zaidi, takriban katikati ya mi ya kawaida ya kinanda na ile iliyoshushwa nusu toni. Tukiiweka katikati kabisa ni karibu 245. Nasema takriban kwa makusudi, maana wapigaji hawaiweki mahali pamoja: wengine huipandisha kidogo, na mara nyingi huwa juu zaidi wimbo unapopanda kuliko unaposhuka. Katika mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu uliofanyika Cairo mwaka 1932, wataalamu walibishana kama oktavu ikatwe vipande ishirini na vinne vilivyo sawa ili nota kama hii ipate anwani ya kudumu, na hawakuafikiana.

Hapa msomaji makini ataniuliza: ikiwa mi ya 245 inazaa fuasi ya 980 na do ina 1000, basi mapigo ni 20 kwa sekunde, na hayo ni ukwaruzo. Vipi nota ya namna hiyo iwe ndiyo roho ya Rast? Jibu ni kwamba katika muziki huu do na mi hazikuwekwa zipigwe kwa pamoja. Udi, kanuni, fidla na nai zote hufuata lahani moja, kila moja ikiipamba kwa njia yake, na nota hufuatana badala ya kurundikana. Sauti iliyokwisha kupita haina fuasi za kukwaruzana na iliyopo. Sikio halipimi mapigo hapo. Linapima umbali wa safari, kutoka do hadi mi na kutoka mi hadi fa, na umbali huo wa Rast una ladha ambayo hakuna kitufe cha akodioni ya kawaida kinachoitoa. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba nota za robo toni, zinazokata nusu toni katikati, "hazikukaa sawa". Zimekaa sawa kwa kazi tofauti.

Na si kila upendeleo umo kwenye utando wa sikio. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulieleza kwamba Watsimane wa Bolivia, ambao muziki wao hauna desturi ya kuimba kwa sauti kadhaa zinazopatana, hawakuona jozi tulivu kuwa inapendeza kuliko jozi inayogombana, ingawa ukwaruzo wenyewe waliuchukia kama watu wengine. Mapigo yapo kwa kila mtu. Kuyaita uzuri au ubaya kwa sehemu ni malezi. Vilevile hesabu hii yote inahusu nyuzi na pumzi. Ngozi ya ngoma hutoa fuasi zisizofuata mpangilio wa mara mbili, mara tatu, mara nne, ndiyo maana dumbaki hukaa ndani ya maqamu yoyote bila kugombana na mi ya mtu. Hata kimo kina athari yake: do na mi ambazo ni tamu katikati ya ala, ukizishusha hadi kwenye besi kubwa ya kusimama, zikawa 50 na 62.5, hutofautiana kwa mitetemo kumi na miwili na nusu tu na kunguruma kama tope. Mpiga besi mzuri huko chini hupiga nota moja moja.

Sasa turudi chumbani kwetu. Kanuni ilikuwa inatoa 245, akodioni 252. Tofauti ya sauti za chini ni 7, ya fuasi za kwanza 14, za pili 21, za tatu 28. Ni ngazi nne za mapigo kwa wakati mmoja, na juu yake mtikisiko wa ndimi za akodioni yenyewe. Mpiga akodioni alijaribu kukimbilia kitufe cha chini yake, nusu toni chini, ambacho ni karibu 238. Hali ikawa ileile, kwa maana 245 iko katikati na kila upande umetofautiana nayo kwa saba. Fidla na udi hawakuwa na shida, kwa kuwa shingo za ala zao hazina vizuizi na kidole hukaa popote sikio linapotaka. Walikuwa wanaifuata kanuni bila hata kufikiri.

Kuna dawa tatu. Fundi anaweza kuufungua mwili wa akodioni na kuukwangua ulimi wa mi: akikwangua karibu na ncha, ulimi huwa mwepesi na sauti hupanda, akikwangua karibu na shina, hulegea na sauti hushuka. Misri walifanya hivyo kwa akodioni nyingi, lakini ala ikishafanyiwa hivyo haitafaa kwa nyimbo zinazotaka mi ya kawaida, na chuma kilichokwanguliwa hakirudi. Dawa ya pili ni kinanda cha umeme chenye uwezo wa kushusha nota moja moja kwa robo toni, na vikundi vya taarab ya kisasa wanavyo. Ya tatu ni mpiga kanuni kuinua vijiti vidogo vya chuma vilivyo pembeni ya nyuzi, akaipandisha mi yake hadi 252, na hiyo ingenyamazisha ukwaruzo mara moja. Lakini bashrafu ile isingekuwa tena katika Rast.

Maalim hakuchagua hata moja kati ya hizo. Alimwambia mpiga akodioni: "Mwanangu, wewe shika do, re, fa, sol na la. Mi na nota ya si waachie wenye nyuzi. Na hizo ndimi mbili, funga moja." Tukaanza upya. Akodioni ilikaa kimya kila lahani ilipopita kwenye mi na kuingia tena kwenye fa, na mi ya kanuni, ikiwa na udi na fidla tu pembeni yake, ilisikika kwa mara ya kwanza jioni ile. Kwenye sol walikutana wote: 300 ya kanuni na 299.7 ya akodioni, pigo moja kila baada ya sekunde tatu hivi, na nota yenyewe haikudumu hata sekunde mbili.